Mashamba 9 Kati ya 12

Ukurasa wa kwanza wa ripoti ulibeba sentensi moja iliyokolezwa wino: mashamba darasa yalivuna mahindi zaidi ya mashamba ya wakulima kwa asilimia 60. Niliisoma mara mbili. Katika miaka yote niliyofanya kazi ya kilimo Babati nimeona mbegu bora na mbolea vikipandisha mavuno, lakini asilimia 60 kwa msimu mmoja, katika msimu ambao kule Magugu watu walilalamikia mvua tangu mwanzo, ilinifanya nifungue kiambatisho cha pili kabla sijamaliza cha kwanza.

Aliyeiandika alikuwa binti aliyemaliza Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, na kuajiriwa kwetu muda mfupi kabla ya msimu kuanza. Jina lake nambakizia mwenyewe, na namba nilizozitaja hapa nimezizungusha kidogo ili hesabu ifuatike kirahisi. Mashamba aliyoyasimamia yalitawanyika: mengine Magugu, bondeni kwenye joto, mengine upande wa Dareda, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Yote yalipandwa mahindi na mbaazi pamoja, kama ilivyo kawaida ya wilaya hii. Mahindi huvunwa kwanza, mbaazi hubaki zimesimama na kuvunwa baadaye, kwa hiyo ripoti hii ya kwanza ilihusu mahindi peke yake.

Kipimo chenyewe ni cha kawaida. Unapima mraba wa mita 5 kwa mita 5 ndani ya shamba, unavuna kila kilichomo, unapukuchua, unapima uzito na unyevu wa punje. Mraba huo ni sehemu 1 kati ya 400 za hekta, hivyo ukizidisha kilo zako kwa 400 umepata mavuno ya hekta. Kila shamba darasa lilikuwa na mwenzake: shamba la jirani, udongo uleule, lililolimwa kwa mbegu na desturi ya mkulima mwenyewe. Mashamba darasa 12, ya jirani 12.

Binti alikuwa ameambatisha picha za daftari lake la shambani, kurasa zilizopakwa vumbi jekundu, kila shamba na mstari wake. Hapo ndipo nilipoona. Daftari lilikuwa na mashamba darasa 12. Jedwali la 2 la ripoti lilikuwa na 9. Matatu yaliyokosekana hayakuwa na mavuno: moja limeandikwa neno moja tu, "ng'ombe", mawili yameachwa wazi. Upande wa wakulima, jedwali lilikuwa na mashamba yote 12.

Ndiyo maana asilimia ilipanda. Wastani wa mashamba darasa 9 ulikuwa kilo 3,200 kwa hekta, wastani wa mashamba 12 ya jirani kilo 2,000, na tofauti ya namba hizo mbili ndiyo asilimia 60. Lakini walioachwa nje upande mmoja ni wale walioshindwa, na upande wa pili hakuachwa mtu. Kosa hili lina sumu kwa sababu halionekani ndani ya jedwali lenyewe. Kila namba iliyomo ni ya kweli. Uongo umo kwenye mistari isiyokuwepo, na msomaji hawezi kuhesabu asichokiona.

Na wasomaji wa ripoti ile hawakuwa watu wa kusoma kwa burudani. Ingepita halmashauri, ikarudi vijijini kwa mdomo wa maafisa ugani, na mkulima angeambiwa "asilimia 60" akaamua kuuza mbuzi anunue mbolea. Wakulima wa Babati wana kumbukumbu ya mambo hayo. Mwaka 2017 India ilipoweka ukomo wa mbaazi inazonunua kutoka nje, bei ilianguka, na watu waliokuwa wamepanda wakitegemea soko walibaki na magunia ndani. Tangu hapo ukiwaletea ahadi, wanakuuliza kilo.

Njia iliyozoeleka ofisini ilikuwa kufungua ripoti na kujaza maoni pembeni mwa kurasa: koma hapa, tahajia pale, "fafanua", "sijaelewa", "chanzo?", na katikati ya maoni hayo thelathini au arobaini lile la mashamba matatu limelala kama mengine yote. Anayepokea anaanza na yaliyo rahisi. Anarekebisha koma ishirini na tano, anajisikia amefanya kazi kubwa, na likifika lile zito amechoka. Isitoshe binti alikuwa bado Magugu, akisoma barua kwenye simu jioni baada ya kurudi na bodaboda, na maoni ya pembeni kwenye simu ndogo ama hayaonekani ama hayajulikani yanagusa sentensi gani. Niliamua kila kitu kikae ndani ya barua yenyewe, na kila jambo nilitajie ukurasa na jedwali lake.

Kabla ya kuandika nilirudi kwenye ripoti kutafuta alichokifanya vizuri. Sikuwa natafuta sukari ya kumezea dawa. Nilitaka kujua ni kitu gani kwenye kazi yake kingeweza kubeba marekebisho, maana kuna tofauti kubwa kati ya kumwambia mtu aanze upya na kumwambia jibu tayari analo. Nilikikuta ukurasa wa 4: safu ya tarehe za kupanda, shamba kwa shamba, letu na la jirani. Hakuna aliyemwagiza aiweke.

Hii ndiyo barua, kama nilivyoituma. Kichwa chake kilikuwa: Ripoti ya mahindi: mambo mawili ya kurekebisha kabla ya Alhamisi.

"Marahaba, na pole kwa vumbi la Magugu.

Nimeisoma ripoti yote pamoja na daftari. Itatoka wiki ijayo kama tulivyopanga. Kuna mambo mawili ya kurekebisha kwanza, na majibu ya yote mawili naamini unayo wewe.

Kabla ya hayo, ukurasa wa 4: safu ya tarehe za kupanda. Ripoti zetu za nyuma hazikuwa nayo, na tulikuwa tunabaki kubahatisha kwa nini shamba moja limezidi jingine. Naomba iwepo kila msimu.

La kwanza. Jedwali la 2 lina mashamba darasa 9. Daftari lina 12. Upande wa wakulima jedwali lina 12. Kwa hiyo asilimia 60 imetokana na kulinganisha mashamba 9 na mashamba 12. Tukiyaingiza matatu yale kama sifuri, wastani wetu unakuwa kilo 2,400 na ongezeko asilimia 20. Tukiliondoa lile la ng'ombe pamoja na la jirani yake, ambalo mavuno yake ni yaleyale ya wastani, yanabaki 11 kwa 11: wastani wetu takriban kilo 2,620, ongezeko asilimia 31. Namna ipi ni ya haki siwezi kusema nikiwa mjini. Kwenye yale mawili ambayo daftari liko wazi, ni nini kilitokea? Naomba uchague namna ya kuhesabu, na chini ya jedwali uandike sentensi mbili tatu za kueleza kwa nini umeichagua.

La pili ni dogo. Kilo za Jedwali la 2 ni za siku ya kuvuna, kabla ya kurekebishwa kwa unyevu. Daftari lako linaonyesha unyevu wa wastani wa asilimia 18 pande zote mbili. Sisi huripoti kwa 13.5. Zidisha kila uzito kwa (100 − unyevu) halafu gawa kwa 86.5. Kilo 3,200 zitashuka hadi karibu 3,030, na 2,000 hadi karibu 1,900. Asilimia ya ongezeko haitaguswa, kwa hiyo hili lisikukoseshe usingizi. Ni kilo tu zitakazobadilika.

Lugha na mpangilio wa picha usiviguse kwa sasa. Tutavipitia pamoja ukirudi.

Naomba nakala mpya Alhamisi jioni. Ukiona siku hazitoshi, niambie Jumatano."

Niliiacha ilale usiku ule kwenye rasimu, nikaisoma asubuhi kwenye simu yangu, siyo kwenye kompyuta. Nilitaka kuiona kwa upana atakaouona yeye. Aya ya "La kwanza" ilikuwa ndefu zaidi kwa sentensi nne, zote zikieleza kwa nini takwimu pungufu ni hatari kwa mkulima. Nilizifuta. Binti alikuwa ameishi na wakulima wale msimu mzima. Hakuhitaji kukumbushwa na mtu wa mjini kwamba wapo.

Neno nililolikwepa kwa makusudi nilipouliza habari za mashamba yale ni "kwa nini". Mdomoni, na sauti ya upole, ni swali kama maswali mengine. Kwenye maandishi kutoka kwa mkubwa linasikika kama polisi: kwa nini umeacha mashamba matatu? Aliyeulizwa hivyo hujibu kwa kujitetea, na katika utetezi habari za shambani hupotea. "Ni nini kilitokea" humrudisha shambani akatazame. Vivyo hivyo niliangalia nani anabebeshwa sentensi. Jedwali lina 9, daftari lina 12. Ningeweza kuandika "umeacha" na "hukurekebisha", na kisarufi ingekuwa sawasawa, lakini nisingekuwa nasema ninachokijua. Nilijua jedwali lina mistari mingapi. Jinsi mistari ilivyopungua sikujua. Pengine aliificha, pengine alifundishwa chuoni kwamba shamba lisilo na takwimu huondolewa, pengine kompyuta yenyewe iliruka nafasi zilizo wazi ilipokuwa inapiga wastani. Programu za majedwali hufanya hivyo kimyakimya: nafasi tupu haihesabiwi kabisa, sifuri inahesabiwa. Binti wa watu anaweza kuonekana mwongo kwa sababu hakuandika 0.

Jambo jingine lililonichukua muda ni kupima ukubwa wa kila kosa na kumwambia. Mtu mgeni kazini akiambiwa ana makosa mawili hajui lipi linaharibu ripoti na lipi linahitaji robo saa. La unyevu lina fomula, lina namba ya kutisha ya 86.5, na kwa macho linaonekana zito kuliko la mashamba matatu. Ningeliacha bila kusema uzito wake, angeweza kukesha nalo. Kwa kuwa pande zote mbili zilipimwa siku zilezile na zilikuwa na unyevu uleule, marekebisho yanashusha kilo kote kwa karibu asilimia 5 na ulinganisho unabaki palepale. Kama mashamba yetu yangepimwa mabichi na ya jirani makavu, hapo ningeliweka la kwanza.

Yeye alikuwa ameituma ripoti kwangu na nakala kwa mkuu wetu. Jibu langu lilikwenda kwake peke yake. Kuna wanaosema mkuu ana haki ya kujua, na anayo, lakini haki hiyo haimlazimishi kushuhudia kijana akirekebishwa. Mkuu nilimwandikia barua nyingine ya mistari miwili: ripoti ni nzuri, namba za Jedwali la 2 zinahakikiwa, tafadhali asiitumie asilimia ya ukurasa wa kwanza mpaka Ijumaa. Bahati nzuri niliwahi. Alikuwa ameshaanza kuipenda.

Siku ya kwanza hakukuwa na jibu, na ninakiri kimya cha barua pepe kinasumbua kuliko kimya cha mtu aliye mbele yako. Nilijizuia kupiga simu. Jumatano jioni likaja.

"Shikamoo Mzee. Nimerudi kwenye yale mawili leo. Yalikauka, lakini siyo udongo. Mbegu zetu zilichelewa kufika, tukapanda wiki tatu baada ya jirani. Mvua ilipokatika, ya jirani yalikuwa yameshafunga, yetu yalikuwa ndiyo yanatoa mbelewele. Jirani walipata kilo 900 kila mmoja. Niliacha nafasi wazi kwa sababu sikuwa na cha kupima, sikujua niandike sifuri."

Kisha akaendelea na jambo ambalo barua yangu haikuwa nalo. Alikuwa ameyachukua yale mashamba 9 yaliyovunwa na kuyalinganisha na majirani zao 9 halisi, siyo na wote 12. Ukiwaondoa jirani wawili wa kilo 900 na yule wa upande wa ng'ombe, wastani wa wakulima haubaki 2,000; unapanda hadi karibu 2,240. Ongezeko linakuwa asilimia 43. Akauliza kama anaweza kuandika zote mbili: asilimia 31 kwa mashamba yote ambayo ng'ombe hawakuyafikia, na asilimia 43 pale mbegu ilipopandwa kwa wakati.

Nilipenda alivyoshikilia 31 kwanza. Angeweza kukimbilia 43, kwa kuwa inapendeza zaidi na ni ya kweli. Lakini 43 inajibu swali la mbegu ikipandwa inavyotakiwa, na mkulima anauliza swali jingine: nikijiunga na ninyi, na mbegu zenu zikija zinavyokuja, nitapata nini? Tofauti kati ya namba hizo mbili ilikuwa gharama ya kuchelewa, na hakuna ripoti yetu iliyowahi kuiweka kwenye kilo. Nilimwandikia kwamba nakubali zote mbili ziende ukurasa wa kwanza, 31 ikitangulia, na nikamwomba aongeze tahadhari moja: mashamba mawili ni machache mno kuthibitisha kwamba kuchelewa ndiko kulikoyaua, japo tarehe za kupanda na udongo wa jirani vinaelekeza huko.

Mkuu hakuifurahia 31. Alituuliza, mimi na binti, kama haiwezekani kuanza na 43 na kuiweka nyingine ndani. Safari hii binti ndiye aliyejibu, na alijibu kwa namba ya ukurasa, jedwali na mstari, bila neno la ziada. Ripoti ilitoka kama alivyoiandika.

Nisiseme kwamba barua inafaa kwa kila hali. Lile swali langu la nini kilitokea lilikuwa na maana kwa sababu daftari lilikuwepo, na nafasi zilizo wazi zilikuwa wazi kweli. Kama daftari lingekuwa na namba za mavuno kwenye mashamba yaliyokauka, zikiwa zimeandikwa kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, jioni moja, nisingeandika kitu. Ningepanda basi la Magugu tukakae chini ya mti. Takwimu za kutungwa zina dalili zake: zinaishia na sifuri au tano mara nyingi mno, uzito haupishani kati ya mashamba kama mashamba yanavyopishana kweli, unyevu uleule kwa wakulima watano mfululizo. Ukiziona, usimwandikie mtu barua ya kumtia moyo. Na usimwandikie ya kumshutumu pia, kwa sababu maandishi hubaki, na wewe ulichonacho bado ni shaka.

Mbaazi zilivunwa baadaye, na ripoti yake ya pili ilikuja bila mimi kuiulizia. Safu ya unyevu ilikuwepo. Mashamba yaliyokosa mavuno aliyaweka juu kabisa ya jedwali, kabla ya yaliyofaulu, kila moja na 0 yake na sababu yake. Barua niliyomjibu ilikuwa fupi na ilikuwa na swali moja: familia nyingi huchuma mbaazi mbichi za mboga wiki kadhaa kabla ya mavuno, na wanaochuma huanza na miche iliyo karibu na nyumba, je, miraba yake ya kupimia ilikuwa umbali gani kutoka mlangoni?